Nusu ya Kreatinini

Khawla aliniletea choo cha mama yake ndani ya chupa iliyokuwa ya achari ya maembe. Alikuwa ameiosha, lakini haikutakata. Nilipofungua kifuniko, ilitangulia harufu ya mafuta na pilipili, halafu ikafuata ile nyengine. Ndani mlikuwa na maji tu, ya rangi ya majani yaliyolowa, yenye povu pembeni. Nikageuza uso ukutani, nikavuta pumzi, nikarudi kazini.

"Nisamehe dada," aliniambia. "Sikupata chombo chengine. Na mkojo ndio huu, tokea jana usiku. Hana mwengine."

Mkojo wenyewe, katika kikopo kidogo, ulikuwa vijiko viwili vya chai, mzito, mweusi kama kahawa iliyolala.

Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa nne, mwaka wa tisini na nne, masika yamekolea. Nilikuwa na miezi minane tangu nimalize masomo ya maabara na kuajiriwa katika hospitali moja ya binafsi, kwenye kichochoro kisichokuwa mbali na soko la Darajani. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja cha chini. Mvua ikinyesha, maji ya mtaroni yalipanda mpaka kizingitini, na tulifanya kazi huku tukinusa uchafu wa mtaa mzima. Mimi nilipewa choo, mkojo na makohozi. Damu ilikuwa ya Bwana Badar, mkuu wa maabara, mtu wa miaka hamsini, mtanashati, kanzu yake imefukizwa udi, kalamu mbili mfukoni. Wagonjwa walimpenda. Alijua kumdunga mtu sindano huku akimsimulia kisa, na mtu asijue imeingia saa ngapi.

"Mama anaumwa tangu lini?" nilimuuliza Khawla.

"Leo siku ya sita. Anatapika na kuharisha, anatapika na kuharisha. Hata maji hayakai tumboni. Sote nyumbani matumbo yalituchafuka, lakini yeye ndiye aliyeanguka." Akashusha sauti, kama mtu anayetaja aibu. "Jana kaka yangu kapanda juu ya dari kutazama tangi la maji. Kakuta kunguru kaoza ndani. Manyoya yameshatoka, nyama inaelea. Tumeyanywa maji yale wiki nzima, dada. Tumepikia. Mimi nimetia udhu."

Khawla alikuwa mwalimu wa skuli, mwanamke wa miaka thalathini na kidogo, buibui safi, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni na Dettol. Alikuwa amefua mashuka siku sita. Nikamwambia nishavipokea, aende akakae na mama yake ghorofa ya pili, alikolazwa.

Nilikitazama choo kwa darubini. Sikuona wale vijidudu wa kipindupindu wanaopita mbio kama vimondo. Nilitia dawa ya kutafuta damu iliyojificha, rangi haikugeuka. Kisha nikachovya kijiti cha kupimia katika ule mkojo mdogo. Sukari hakuna, damu hakuna, protini alama tu. Lakini kile kisanduku cha uzito wa mkojo kiligeuka manjano mpaka mwisho wa kipimo: elfu moja na thelathini. Mkojo hauwi mzito zaidi ya hapo kwenye kijiti chetu. Nikaandika, nikapeleka.

Kabla ya adhuhuri nikapanda juu kuchukua sampuli nyengine, nikamkuta Khawla amekaa kwenye ngazi, analia bila ya sauti, ukaya wake wa kichwani ameukamata mdomoni.

"Wamezima dripu," alisema. "Daktari anasema figo za mama zimekufa. Kakatazwa maji. Ati maji yatamjaa kwenye mapafu, azame. Tutafute njia ya kumpeleka Nairobi akasafishwe damu kwa mashine. Na yeye anayalilia maji, dada. Analilia maji kama mtoto."

Niliingia wodini. Bi Afra, mama yake Khawla, alilala chali, mwanamke mrefu aliyekuwa mnene, na sasa unene ule ulikuwa umebaki ngozi tu. Macho yamezama. Midomo imepasuka, na utando mweupe umeganda pembeni. Alipofumbua mdomo kuniambia neno, niliuona ulimi: mkavu, umekunjamana, wa rangi ya hudhurungi, kama kipande cha ngozi ya kiatu. Ndoo ilikuwa chini ya kitanda, na harufu yake ilinipanda mpaka machoni.

"Shikamoo, Bi Afra."

"Mara..." Ulimi ukashikana na kaakaa. Akaunyoosha mkono kuelekea birauli tupu.

Kitandani, kwenye ubao, pamebanwa karatasi ya maabara kwa mwandiko mzuri wa Bwana Badar. Kreatinini, mia mbili na kumi na nane. Urea, kumi nukta tisa.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana jambo zima limesimama juu ya namba mbili hizi. Urea na kreatinini zote ni taka za mwili, na zote hutolewa na figo. Figo zikiharibika zenyewe, taka hizi mbili hupanda pamoja, kila moja kwa kiasi chake. Mtu akikaukiwa na maji mambo huwa mengine. Damu inayofika kwenye figo hupungua, kwa hiyo taka zote mbili huzidi kidogo. Lakini figo nzima, ikiona mwili una kiu, huyavuta maji iliyokwishayachuja na kuyarudisha katika damu, na urea hurudi pamoja na maji yale. Kreatinini hairudi. Ndiyo maana kwa mtu aliyekauka, urea hupaa na kreatinini huachwa nyuma. Na mkojo wake huwa haba, mzito, mweusi, kwa sababu figo haitaki kuachia hata tone. Figo iliyokufa haina nguvu ya kuukoleza mkojo hivyo. Ukiupata mkojo wake huwa mwepesi.

Kwa karatasi ile, namba zilikwenda pamoja. Daktari Bahadurali, aliyekuwa akimtibu, hakuwa mjinga. Aliona mwanamke wa miaka sitini na tatu, mwenye presha ya miaka ishirini, mkojo haba, namba zote mbili ziko juu kwa uwiano, akaamua: figo zilizochakaa kwa presha sasa zimesimama. Lakini mimi nilikuwa nimeushika ule mkojo kwa mkono wangu.

Nilishuka. Bwana Badar alikuwa amekaa mezani pake anakula sambusa. Amezitandaza juu ya karatasi, juu ya meza ile ile tunayowekea vichupa vya choo, na ile chupa ya achari ikiwa shubiri moja kutoka kwenye kiwiko chake. Mafuta yalimtiririka kidoleni, akalamba.

"Karibu, Hamda. Za nyama hizi, za Forodhani hazioni ndani."

"Ahsante, nshakula." Sikuwa nimekula. "Bwana Badar, yule mgonjwa wa chumba nambari nne. Urea yake umeipima mara ngapi?"

"Mara moja, kama ilivyo ada. Kwani?"

"Mkojo wake mzito sana. Sikutegemea urea iwe ndogo vile."

Alicheka, na chembe ya unga ikaruka ikaanguka juu ya daftari. "Wewe bado una harufu ya chuo, mwanangu. Kila kitu unataka kikae kama kitabuni." Akajifuta mikono, akavaa kofia yake, akatoka kwenda kusali.

Nilivuta daftari la majibu. Sikujua natafuta nini. Nilishuka kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, safu ya kreatinini na safu ya urea. Themanini na nne. Nne nukta mbili. Tisini na sita. Nne nukta nane. Mia na kumi. Tano nukta tano. Sabini na sita. Tatu nukta nane. Mia mbili na kumi na nane. Kumi nukta tisa.

Nilirudia mara ya pili. Kila urea ilikuwa nusu ya kreatinini, na nukta imesogezwa. Hakuna damu ya binadamu inayofanya hivyo. Watu wawili wakikaa pamoja na kula chungu kimoja, urea zao hazilingani, seuze watu thelathini na arubaini. Nilirudi nyuma mpaka nikafika pale namba zinapochanganyika tena kama namba za kweli. Zilikuwa wiki saba.

Nikafungua kabati la kemikali. Chupa ya dawa ya kupimia urea ilikuwa nyuma kabisa. Niliitikisa. Kulikuwa na ukoko wa njano chini, umekauka mpaka umepasuka, na mende amekufia ndani.

Kreatinini ni kipimo chepesi. Unachanganya, unangoja kidogo, rangi ya manjano inakuwa ya machungwa, unasoma kwenye mashine. Urea, kwa njia tuliyokuwa nayo, inataka tindikali, inataka kuchemshwa, inatoa mvuke unaokera pua na kushika nguo. Bwana Badar hakupenda nguo zake zishike harufu.

Aliporudi kutoka msikitini nilikuwa nimesimama na ile chupa mkononi.

"Dawa ya urea imekwisha tangu lini?"

Hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililonichukiza kuliko yote. Aliitazama chupa kama mtu aliyeonyeshwa kiatu cha zamani.

"Ah, hiyo. Nitaiagiza. N'sikilize Hamda, madaktari hawaitazami urea. Wanatazama kreatinini, na hiyo nnaipima, Wallahi nnaipima. Urea ni mwenzake tu, huyu akipanda na yule hupanda. Miaka ishirini na tano nimo katika kazi hii. Nakisia, na nikikisia sikosei."

"Juu kuna mtu amenyimwa maji kwa makisio yako."

"Amenyimwa maji na daktari, hakunyimwa na mimi." Akanikaribia. Harufu ya udi, na chini ya udi harufu ya sambusa na kitunguu. Akaniwekea mkono begani, kibaba. "Usijitie katika mambo makubwa. Wewe ni mtoto wa watu, una kazi nzuri."

Nilijitoa chini ya mkono ule. Bega langu lilihisi kama limepakwa kitu.

Damu ya Bi Afra ilikuwa bado kwenye kishikio, maji yake ya juu yamejitenga, ya kutosha. Niliyanyonya nikayatia katika kijichupa safi, nikakifunga kwa pamba, nikakitia mkobani. Sikwenda kwa daktari moja kwa moja. Niliogopa. Neno langu la miezi minane mbele ya neno la miaka ishirini na tano lisingemfungulia Bi Afra dripu. Nilitaka namba.

Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kulikuwa na zahanati ndogo ambayo maabara yake iliendeshwa na mzee mmoja, Bwana Shamsi, aliyenifundisha kushika mrija wa pipeti nilipokuwa bado mwanafunzi. Nilikwenda kwa miguu, mvua inanyesha. Darajani maji yalikuwa yamefika vifundoni. Utumbo wa samaki ulielea, na magamba, na maganda ya ndizi, na mwanamme mmoja alikuwa anaosha miguu ya kuku katika maji yale yale na kuirudisha kwenye sinia ya kuuzia. Nilipandisha buibui, nikakumbatia mkoba, nikapita nikiwa nimeuma meno. Siku ile kila nilichokiona kilikuwa kimechanganyika na choo.

Bwana Shamsi alisikiliza bila ya kunikatiza. Hakuuliza nani alifanya. Alisema tu, "Lete," akawasha jiko la kuchemshia.

Ile kemikali ilipochemka, mvuke wake ulijaa chumbani, ukali unaokwaruza koo. Tulingoja. Alipozitoa zile tyubu kwenye maji moto, ile ya kulinganishia ilikuwa ya pinki nyepesi, na ya Bi Afra ilikuwa imekolea mpaka kiza. Aliiingiza kwenye mashine ya kusoma rangi, mshale wake ukagonga mwisho wa kipimo.

"Haisomeki," alisema. "Tuipunguze kwa maji, moja kwa tano, tuchemshe upya."

Tukachemsha upya. Akasoma, akazidisha kwa tano. Thelathini na nane nukta nne. Akapima na kreatinini mwenyewe, kwa uhakika: mia mbili na ishirini na moja.

Aliandika namba hizo mbili kwenye karatasi, akazitazama kwa miwani yake iliyoning'inia puani. "Urea mara elfu, gawa kwa kreatinini. Mtu mzima mwenye afya huwa chini ya mia. Huyu ana mia na sabini na kitu." Akaipiga muhuri. "Figo zake hazijafa, binti. Mama huyu amekauka tu. Lakini akiendelea kukauka, figo zitakosa damu mpaka zife kweli, na hapo urea na kreatinini zitakwenda sawa kama alivyoandika huyo mwenzio. Nenda haraka."

Alinifungia na nusu chupa ya ile dawa ya urea.

Daktari Bahadurali nilimkuta chumbani mwake, adhana ya alasiri inatoka. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kusoma kila karatasi mara mbili. Nilimwekea namba za Bwana Shamsi mezani, na pembeni yake daftari letu.

"Nini hii?"

"Daktari, urea uliyopewa asubuhi haikupimwa. Hii ndiyo ya kweli."

Nilimwonyesha safu. Nusu, nusu, nusu. Alipofika mstari wa nne alielewa. Niliona rangi inamtoka usoni. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Ametapika damu?" aliniuliza. "Choo chake cheusi? Damu ikimwagika tumboni nayo hupandisha urea peke yake."

"Choo nimekiona. Maji, si cheusi. Nimetafuta damu iliyojificha, hakuna."

"Mkojo?"

"Elfu moja na thelathini. Nilikuandikia asubuhi."

"Uliniandikia," alisema polepole. "Nami niliiona nikaipita."

Alipanda ngazi mbilimbili. Nilimfuata. Alimshika Bi Afra mkono, ulikuwa baridi. Alimfinya ngozi ya kifuani, ikabaki imesimama. Akampima presha Bi Afra akiwa amelala: mia na kumi. Akataka kumkalisha, na Bi Afra akalegea mikononi mwetu, presha ikashuka hata haikusikika vizuri.

"Mia na kumi," daktari alisema, kama anayejisemea. "Kwa mtu mwengine ni presha nzuri. Huyu mazoea yake ni mia na themanini. Khawla, vidonge vyake vya presha anaendelea kuvinywa?"

"Ndiyo, daktari. Kila asubuhi nampa. Akikitapika nampa chengine."

Akaleta kipakti cha vidonge hivyo. Kimoja kilikuwa kidonge cha kukojoza. Siku sita mwili unamwagika juu na chini, na kila asubuhi anapewa kidonge cha kumkojoza maji yaliyobaki.

"Kiweke mbali. Asikiguse mpaka nikuambie," alisema daktari. Hakumlaumu. Alichomeka dripu kwa mkono wake mwenyewe, chupa ya maji ya chumvi, akaifungua mpaka ikatiririka, na kila baada ya muda aliinama kusikiliza mapafu, maana moyo wa mwenye presha ya siku nyingi haumiminiwi ovyo. Chupa ya kwanza, ya pili. Mimi nilisimama mlangoni na nguo zangu zimelowa maji ya Darajani. Khawla alikuwa anamtia mama yake maji mdomoni kwa kijiko, kidogo kidogo, na safari hii hayakurudi.

"Mbona waliniambia nisimpe?" aliniuliza. "Mbona walisema figo zimekufa?"

Daktari aliinua kichwa. Nilidhani atasema kitu cha kupitisha. "Tulipewa namba ya uongo," alisema, "na mimi nikaiamini kuliko ulimi wa mama yako. Figo zake zilikuwa zinafanya kazi yake. Zilikuwa zinakamata maji."

Jua halijazama, Bi Afra aliomba beseni. Alitoa mkojo wa kikombe kimoja, wa rangi ya chai. Khawla alilishika lile beseni kwa mikono miwili akacheka na kulia pamoja. Asubuhi ya pili nilimpima mwenyewe, nikachemsha tyubu zangu na kukohoa na mvuke: urea ishirini na nne, kreatinini mia na hamsini na moja. Siku ya nne, urea nane na kidogo, kreatinini tisini na nane. Aliondoka kwa miguu yake, ameshika ukuta kwa upande mmoja na Khawla kwa upande wa pili, na ananung'unika kuwa uji wa hospitali hauna iliki.

Ningependa kusema tulifurahi, lakini nilikuwa siwezi kula. Kila nilipokaa mbele ya sahani niliyaona yale majibu, nusu nusu, kwa wino mzuri. Mwenye hospitali alituita sote. Bwana Badar alifika amevaa kanzu mpya. Aliomba radhi kwa "upungufu wa vifaa". Alisema vifaa kana kwamba ndivyo vilivyoandika. Mwenye hospitali alitaka jambo limalizwe mle mle chumbani, jina la nyumba lisichafuke.

"Limeshachafuka," alisema Daktari Bahadurali. "Ama watu wote waliomo katika daftari hili waitwe wapimwe upya, ama mimi sirudi kesho."

Bwana Badar alinitazama wakati anatoka. "Ushafurahi?" aliniuliza. Nikalivuta daftari, nikaanza kunakili majina. Aliachishwa mwisho wa mwezi, na kabla ya mwaka kwisha nilisikia amefungua maabara yake mwenyewe, na watu wanamwendea.

Walikuwa watu arubaini na mmoja. Tulipeleka salamu misikitini, kwa masheha wa mitaa, kwa jamaa wa jamaa. Thelathini na tatu walirudi, na kwa wengi wao Mungu alisitiri, hapakuwa na kitu. Wengine walikuwa wamesafiri. Wa mwisho katika orodha alikuwa mwanamme wa kijiji cha Paje, huko pwani, Silima Abrahman, miaka hamsini na nane. Kreatinini mia na thelathini na mbili, urea sita nukta sita. Alikuja na kuharisha kwa siku tatu, akaambiwa figo zimechoka kidogo, apumzike, akarudi kwao.

Nilikwenda mwenyewe. Mkewe, Bi Biasha, nilimkuta uani anageuza mwani juu ya mkeka, na shombo la mwani ule unaokauka vibaya kwa mvua lilikuwa zito, limekaa juu ya kila kitu. Aliponiona na mkoba wa hospitali alijipangusa mikono, akanikaribisha. Akaniambia mumewe alizikwa siku ya tano baada ya kutoka mjini.

"Aliendelea kuharisha?" niliuliza.

"Aliendelea. Halafu akawa hakojoi. Tukasema si wameshampima, wamesema figo zimechoka, ndizo hizo zinapumzika." Aliingia ndani, akatoka na ile karatasi, imekunjwa mara nne, imetiwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ndoa. "Mimi sijui kusoma. Hebu nambie, inasema nini?"

Ningeweza kumsomea tu. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama namba ya kweli ingemwokoa. Labda damu yake ingeonyesha ukavu, angebakishwa akatiwa maji. Labda isingeonyesha. Namba yenyewe haikuwahi kuwako, kwa hiyo hapana wa kusema.

"Bi Biasha," nilimwambia, "hapa pana namba mbili. Hii ya juu ilipimwa. Hii ya chini haikupimwa. Mtu aliiandika kutoka kichwani mwake."

Mvua ilianza kudondoka juu ya mwani, na hakuinuka kuuanua.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu kuipima kunatoa harufu."

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. Alipoona sifanyi, uso wake ulikunjamana taratibu, kama wa mtu aliyetia kitu mdomoni gizani na sasa anaonyeshwa kwa taa alichokila. Akaninyooshea ile karatasi, ameikamata kwa ncha za vidole viwili, mkono wake ameuweka mbali na mwili.

"Itoe nyumbani kwangu," alisema.

Nikaipokea.